Msifunge Sanduku Kabla Hesabu Haijakubali

Wanakikundi wenzangu, kikao kijacho asinyanyuke mtu kwenye mkeka mpaka simu na sanduku viseme kitu kimoja. Programu za kutunza hesabu za vikundi tunazo: DreamSave, Chomoka iliyoanzia hapa Tanzania chini ya CARE, na Chamasoft ya wenzetu wa Kenya. Zinaandika hisa, mikopo, marejesho na faini, na kujumlisha zinajumlisha zenyewe. Kazi iliyobaki ni yetu, na tunaiweza.

Elewaneni kwanza kwamba programu ya kumbukumbu haishiki hela. Hela inabaki sandukuni au benki, simu inashika maandishi tu. Kwa hiyo maandishi yakikosewa, simu itayajumlisha makosa hayohayo kwa uaminifu mkubwa. Dawa yake ni kuhesabu hela sanduku likiwa wazi, watu wote wakiwa bado wamekaa.

Tuchukue kikundi cha watu 15, hisa moja shilingi 5,000. Kikao kimefunguliwa na salio la 180,000. Zimenunuliwa hisa 40, ndiyo 200,000. Marejesho ya mikopo yameingia 110,000, na wawili waliochelewa wamelipa faini 1,000 kila mmoja. Jumla sasa ni 492,000. Ikatoka mikopo ya 300,000. Simu inasema sandukuni zibaki 192,000, lakini wahesabu fedha wamehesabu mara mbili na wamepata 187,000.

Msianze kutazamana vibaya. Pungufu ni 5,000, yaani bei ya hisa moja kamili, na hapo ndipo pa kuanzia. Katibu asome hisa za leo jina kwa jina, kila mwenye kitabu ahesabu mihuri yake. Atapatikana mama mmoja ambaye simu inamwandika hisa tatu na kitabu chake kina mihuri miwili. Sahihisheni palepale, mhesabu tena, mfunge kufuli. Jambo hilohilo likisubiri mwisho wa mzunguko, siku ya kugawana, hakuna atakayekumbuka nani alinunua nini, na hapo ndipo watu waliokaa pamoja miaka huanza kuitana wezi.

Lakini liko kosa ambalo sanduku halilioni, na hilo ndilo ninalowaomba mlitilie mkazo zaidi. Mwenzetu amekopa 300,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza analeta 130,000. Katika hizo, 30,000 ni riba na 100,000 inapunguza mkopo, deni linabaki 200,000. Katibu akiwa na haraka akaziandika zote kama zimepunguza mkopo, simu itaonyesha deni la 170,000. Hela sandukuni itakuwa sawasawa, kila mtu ataenda nyumbani kwa furaha, na kikundi kimepoteza 30,000 na riba ya mwezi unaofuata juu yake. Kinga yake ni sauti tu: kila anayerejesha asomewe riba kiasi gani, mkopo umepungua kiasi gani, deni limebaki kiasi gani, naye aitikie kwa kinywa chake mbele ya wote. Na siku mnapoiandaa programu, kubalianeni kama riba ni juu ya mkopo wote au juu ya deni lililobaki, maana ukichagua kimoja itafuata hicho mpaka mwisho.

Utaratibu huu unafaa hata nje ya kikundi. Ukimkopesha shemeji au rafiki 80,000, mtumie ujumbe saa hiyohiyo: tarehe, kiasi, siku ya kurudisha. Akirudisha 30,000, mwandikie kwamba zimebaki 50,000 na umwombe ajibu. Ndugu hajavunjiwa heshima hapo. Amelindwa dhidi ya kudaiwa mara mbili.

Kuhusu simu yenyewe, isiwe siri ya mtu mmoja. Mwenye simu asiwe ndiye mwenye ufunguo wa sanduku, na namba ya siri iwe kwa katibu, naye aingize kumbukumbu kikaoni tu. DreamSave hufanya kazi hata pasipo mtandao, ila simu ikizama mtoni kabla ya kuupata mtandao, yaliyoandikwa leo yamekwenda nayo. Basi mkifika penye mtandao hakikisheni nakala imehifadhiwa, na vitabu vya wanachama msivitupe. Kitabu chenye mihuri ndicho shahidi wa yule mama asiye na simu janja, na haki yake ni sawa na ya mwenyekiti.

Kikao kijacho, tengeni robo saa ya mwisho. Someni majina, someni madeni, hesabuni hela, na namba zisipokubali msitawanyike. Anzeni wiki hii, mzunguko ungali mchanga na makosa yangali madogo.