Deni Lisilo na Riba

Tuseme nina shilingi 15,000 mkononi hapa Bombolulu, na mambo manne yananivuta. Mkopo wa simu wa 6,000, ambao kwa ada ya asilimia 7.5 unafika 6,450. Jirani yangu muuza mboga ananidai 5,000. Nataka kuanza kuuza viazi karai jioni, na jiko, karai, mafuta na gunia dogo la viazi vinataka kama 8,000. Halafu marafiki wanapanga Lamu, 6,000 kwa kila mtu. Jumla ni 25,450. Haitoshi, hata ukiipiga hesabu mara ngapi.

Ushauri tuliouzoea ni huu: anza na deni lenye gharama kubwa. Mkopo wa simu ukipita siku 30 bila kulipwa, ada inaongezwa upya, kwa hivyo kuchelewa ni shilingi 450 au zaidi. Deni la jirani halina riba, basi linangoja. Hesabu iko sawa, lakini ni hesabu ya mfuko wangu peke yake.

Ile 5,000 ilikuwa pesa yake ya kwenda sokoni Kongowea alfajiri. Nisiporudisha, ananunua mchicha na nyanya kidogo, au anakopa kwa simu kama mimi. Akikopa 5,000 kwa ada ileile, analipa 375. Kumbe riba ipo, ila ni yeye anayeilipa. Mimi naiona sufuri kwa sababu haiji kwangu.

Ndiyo maana kwangu swali si deni lipi ghali, bali nikichelewa, nani anagharamika? Simu hunikumbusha kila asubuhi, na jirani hunisalimia tu. Tukipanga kwa kufuata kelele, mpole atalipwa mwisho siku zote, na tutauita ukimya wake subira.

Kwa hivyo jirani kwanza, 5,000. Simu ya pili, 6,450. Zinabaki 3,550.

Mtu atasema viazi vingeleta faida kubwa kuliko asilimia 7.5 kwa mwezi, basi biashara ianze na madeni yangoje. Huenda ni kweli. Lakini ada ya mkopo ni hakika, na faida ni matumaini: ikinyesha jioni tatu mfululizo, viazi ulivyokwisha menya vinakuozea. Kubahatisha kwa pesa yangu ni haki yangu. Kwa pesa ya mama mboga, hapana, labda nimuulize kwanza.

Basi 3,000 inaanza biashara kwa karai la kuazima na kilo chache za viazi. Lamu inangoja, si kwa kuwa raha ni dhambi, bali kuchelewa kwake kunaniumiza mimi tu. Ingekuwa safari ya kumwona bibi mgonjwa, ningepanga upya, maana yeye huenda asingoje. Na ile 550? Feri ya Likoni ni bure kwa anayetembea, na matatu za Diani ziko ng'ambo. Jumapili nitaenda kuogelea.