Mashine ya Boti Iliyolipa Bili ya Hospitali

Kisa hiki ni cha mvuvi wa Pangani. Jina lake nalihifadhi, na hospitali pia siitaji. Ninakisimulia kwa ruhusa yake, kwa sababu kwa hali aliyokuwa nayo siku ile, sioni kwa nini mimi au wewe tungefanya vingine.

Mwezi wa Februari mwanawe wa miaka 19 alikwea mnazi kuangua nazi, akaanguka, paja likavunjika. Wakampeleka Tanga, akapasuliwa na kuwekewa chuma. Kadi ya CHF ya kaya yao ilikuwa imekwisha muda. Kijana alipokaribia kuruhusiwa, bili ilisoma shilingi 740,000. Ndugu walikuwa wamechanga 240,000, zikabaki 500,000.

Nesi wa wodi alimwambia, "Baba, kabla hujahangaika, pita pale ustawi wa jamii ukaeleze." Hakupita. Aliniambia kwamba kwa mawazo yake ofisi ile ni ya watu wasio na pa kulala, na yeye ana boti na mashine. Aliona haya kuketi kwenye benchi lile huku watu wa Pangani wakipita kuja kutazama wagonjwa wao.

Hilo la nesi lilikuwa neno la kwanza alilolipuuza. La pili ni kwamba hakuomba mchanganuo wa bili. Alitajiwa jumla tu dirishani. Mchanganuo ni karatasi inayoonyesha siku za kitanda, upasuaji, vipimo, na kila dawa kwa bei yake. Ni haki ya mgonjwa kuuona, na hauombwi kwa ugomvi. Wakati mwingine dawa iliyoandikwa haikutumika, au ndugu walikwisha kuinunua wenyewe duka la nje, au siku za kitanda zimehesabiwa kupita kiasi. Huwezi kupatana juu ya deni ambalo hujui limejengwa na nini.

Jioni ile jamaa mmoja akampa namba ya mkopeshaji. Masharti yalikuwa mepesi: leta kitambulisho, leta risiti ya mashine ya boti, fedha unazipata leo leo. Akaandikiwa 500,000, mkononi akapewa 480,000, kwani 20,000 zilikatwa kuwa za "fomu". Kila mwezi alete 150,000. Karatasi aliyotia dole gumba haikutaja riba, ilitaja "ada ya huduma". Mtu ambaye maisha yake yote ameikimbia riba kwa ajili ya dini yake, akaingia humo bila kuliona neno lenyewe. Nakala ya mkataba hakupewa.

Hapo dalili zilikuwa nyingi, na kila moja ilitosha kumsimamisha. Fedha ya mkononi kupungua kuliko iliyoandikwa. Mkataba usio na nakala. Dhamana inayozidi deni mara kadhaa, tena ndiyo chombo cha kumtafutia riziki ya kulipia. Lakini kubwa kuliko zote ni maneno matamu aliyoambiwa wakati wa kuagana: "Mwezi ukiwa mgumu, leta ile 150,000 tu, ya asili isikusumbue." Yeye alisikia huruma. Maana yake ilikuwa kwamba 150,000 hizo hazipunguzi deni hata senti moja.

Akalipa Machi, akalipa Aprili, akalipa Mei. Jumla 450,000, na deni bado ni 500,000 kamili. Juni kusi likakaza, boti zikalala ufukweni, mwezi ukaisha hana kitu. Mashine ikaja kuchukuliwa.

Kutoa 150,000 kila mwezi kwa deni la 500,000 ni asilimia 30, na wengi wetu tukiisikia hatushtuki, kwa kuwa tunaipima kwa mwezi mmoja. Basi tuiweke mbele ya kipimo. Wakopeshaji wadogo wasiopokea amana wanatakiwa wawe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na Benki Kuu iliwawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa deni la 500,000 hiyo ni 17,500. Huyu alikuwa akitoa 150,000. Mkopeshaji akikosa leseni ya kukuonyesha, au akikasirika ukiiomba, usitie dole.

Sasa ile njia aliyoipita mlangoni. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya serikali hashughulikii msamaha peke yake. Anamsikiliza mtu, anapima uwezo wake, kisha anapendekeza: asamehewe yote, asamehewe sehemu, au alipe kidogo kidogo. Mvuvi mwenye boti pengine asingesamehewa. Angeingia kwenye hilo la tatu, ambalo halina uombaomba wowote, ni mapatano ya mdai na mdaiwa.

Kinachotakiwa ni kwenda mapema, mgonjwa akiwa bado kitandani, maana siku ya kuruhusiwa kila mtu ana haraka na kila siku ya ziada wodini huongeza bili. Uwe na barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayokutambulisha na kueleza shughuli yako, kitambulisho, na mdhamini anayejulikana. Usiseme "nitalipa nikipata". Sentensi hiyo haina pa kuandikwa. Taja kiasi na tarehe.

Tufanye hesabu ya mvuvi wetu. Siku ya kutoka angetoa 50,000, zikabaki 450,000. Miezi ya kusi, Mei hadi Septemba, angeomba kulipa 30,000 kila mwezi, jumla 150,000. Machi, Aprili, Oktoba, Novemba na Desemba angelipa 60,000, jumla 300,000. Kufikia mwisho wa mwaka deni limekwisha, na mashine iko botini. Watu wengi hukosea hapa kwa kuahidi kiasi cha mwezi mzuri ili wakubaliwe haraka. Pima ahadi yako kwa mwezi wako mbaya.

Mapatano yawe kwenye karatasi, yenye sahihi na mhuri, na nakala yako uondoke nayo. Kila awamu ilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, wala si kwa simu ya mtumishi, hata awe mwema namna gani. Risiti zitunze pamoja. Ukiona tarehe inakaribia na mfuko ni mtupu, nenda kabla haijafika, waandike tarehe mpya. Ukienda baada ya kuikosa, unakuwa mtu mwingine machoni mwao.

Siyo kila hospitali itakubali, hilo tuliseme wazi. Hospitali binafsi huwa ngumu zaidi, na huenda zikataka nusu mbele. Hata hivyo kukopa nusu si sawa na kukopa yote, na kukopa kwa ndugu au kwenye kikoba, ambako kila unachorejesha kinapunguza deni, si sawa na kukopa kwa mtu anayetamani usimalize.

Kijana alitakiwa kurudi kliniki kupigwa picha ya mfupa baada ya wiki sita. Hakurudi, kwa kuwa fedha ya nauli na picha ilikwenda kwa mkopeshaji, na paja likaanza kumuuma upya. Agosti baba yake alimpeleka akiwa na barua ya mtaa mfukoni, na safari hii aliketi kwenye benchi lile tangu asubuhi. Picha ilipigwa, na gharama yake ikagawanywa kwa malipo matatu.