Keki Moja, Vikombe Vingapi?

Mchanganyiko wa keki upime kwa mizani, si kwa macho. Siagi, sukari na unga gramu 250 kila kimoja, pamoja na mayai matano, hutoa karibu kilo moja. Karatasi ya kawaida ya keki za vikombe inatosheka na gramu 50, yaani kama vijiko vitatu vya chakula, ikajaa theluthi mbili. Basi utapata keki 20, au 19 ikiwa kuna watoto wanaolamba mwiko. Ukijaza hadi ukingoni, mchanganyiko hufurika na kugandia trei, na vichwa hutoka bapa. Ukitia kidogo mno, keki hukauka upesi. Kwa moto wa nyuzi 180, anza kuziangalia dakika ya 18. Usisubiri muda wa keki kubwa.