Neno Chini ya Picha ya Mwenzio

Mwanamke ashonaye kofia za viua kwa mkono hapa Unguja, akitoboa kitambaa tundu baada ya tundu na kulizungushia kila tundu uzi mpaka likaze, hawezi kuimaliza kofia moja njema kwa chini ya wiki kadhaa, na iliyo bora kuliko hiyo humchukua miezi. Kwa hiyo mtu akimshauri afanye bidii apate wafuasi laki moja katika Instagram, amemshauri jambo ambalo, hata likitimia, litamletea maswali mengi ya bei na wanunuzi wasiozidi wale wachache ambao mikono yake miwili yaweza kuwatosheleza. Haja yake ni watu wachache, lakini wawe ndio: bwana harusi ambaye kanzu yake imekwisha kukatwa na kofia bado, kijana aliyeko Maskati au London anayetaka kumpelekea babaye zawadi ya Idi, mzee ajuaye tofauti ya kazi ya mkono na kazi ya cherehani, na asiyestaajabu akitajiwa ujira wake.

Binti wa jirani yangu mmoja, naye ni mshonaji wa kofia hizo, ndiye aliyenifunza namna watu wa jinsi hiyo wanavyopatikana. Hakuongeza idadi ya picha katika ukurasa wake, wala hakulipia matangazo. Alichofanya ni kutoa maoni chini ya picha za watu wengine, kila jioni kiasi cha nusu saa, kwa utaratibu ambao mwanzoni niliudhani kuwa ni upuuzi wa vijana na baadaye nikauona kuwa una hikima yake.

Swali la kwanza katika utaratibu huo ni mahali pa kusema, nalo ndilo wengi hulipita mbio. Mshonaji aghalabu huenda kwa washonaji wenziwe, akawasifu nao wakamsifu, na mwisho wa mwaka hukuta kwamba wamfuatao ni mafundi watupu, wenye macho mazuri ya kuhukumu mshono na wasio na sababu hata moja ya kununua kofia. Wengine hukimbilia kurasa za waimbaji mashuhuri, ambako neno la mtu huzikwa chini ya maneno ya maelfu kwa dakika chache, na hata likisomwa, husomwa na watu wa kila namna ambao wengi wao hawana haja na kofia. Binti huyu aliyapuuza makundi hayo mawili. Alijiuliza mnunuzi wake hutazama nini siku chache kabla ya kuhitaji kofia, na jibu likampeleka kwa mafundi wa kanzu, kwa wapiga picha wa harusi za pwani, kwa wauzaji wa udi na mafuta mazuri, na kwa kurasa moja au mbili zinazoweka picha za zamani za Mji Mkongwe. Alichagua kurasa zipatazo kumi, zenye wafuasi wa wastani, ambazo wenyewe huwajibu wageni wao. Maana ukurasa ambao mwenyewe hasemi na watu ni ukumbi usio na mazungumzo, na mgeni akisema humo hujisikia mwenyewe tu. Kurasa hizo aliziwekea kengele katika simu, ili picha mpya inapotoka apate habari mapema, kwa kuwa neno lililotangulia hupata nafasi ya kujibiwa na kupendwa, na maneno yaliyojibiwa na kupendwa aghalabu hupandishwa juu ambako kila apitaye huyaona.

Sasa nieleze tukio moja kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna kiini cha jambo lote. Fundi mmoja wa kanzu aliweka picha ya bwana harusi aliyevaa kanzu ya doriya na kofia nyeupe yenye nakshi, na kama ilivyo desturi yetu, chini yake pakajaa mashaallah na alama za mioyo. Katikati ya sifa hizo mtu mmoja aliuliza: mtu atajuaje kama kofia kama hii ni ya mkono au ya cherehani? Fundi hakujibu, labda kwa kuwa kofia si fani yake. Binti akaandika hivi: “Hongera fundi, bega la kanzu limekaa sawasawa. Kaka uliyeuliza, igeuze kofia ndani nje, kisha iinue mbele ya dirisha. Ya mkono, nuru hupenya katika kila tundu, na ndani utaona uzi umezungushiwa tundu moja moja. Ya cherehani aghalabu nakshi zake zimejazwa uzi, na mishono ya ndani imepangika kwa mfululizo mmoja.”

Basi. Hakusema kwamba yeye anashona kofia, wala hakutaja bei, wala hakumwita mtu aende kwake. Yule aliyeuliza alishukuru, akauliza tena namna ya kuifua bila kuiharibu. Akajibiwa kwamba isuguliwe kwa mkono kwa maji baridi na sabuni laini, itiwe wanga mwepesi, kisha ivishwe faruma mpaka ikauke, na asiye na faruma atafute bakuli lenye mzingo uleule wa kofia, kwa maana kofia ikikauka bila kushikwa hupoteza umbo. Fundi wa kanzu alipoyaona mazungumzo hayo alilibandika lile jibu la kwanza juu ya maoni yote, jambo ambalo mwenye ukurasa anaruhusiwa kulifanya kwa maoni machache ayapendayo.

Waliosoma jibu hilo walikuwa wengi kuliko yule mmoja aliyeuliza, na hapa ndipo penye siri ya kazi hii. Maoni huonekana kana kwamba yameelekezwa kwa mwenye picha, ilhali msomaji wake wa haki ni mtu wa tatu, yule anayepita kimya, asiyeandika kitu, ambaye anatafuta jambo na hajamwambia mtu. Sifa tupu zamfurahisha mwenye picha na hazimpi mpita njia huyu kitu chochote cha kushika. Tangazo la biashara humuudhi mwenye picha na kumtia mpita njia shaka. Bali maelezo mafupi yenye faida, yatokayo kwa mtu anayeonekana kuijua kazi, humfanya aulize moyoni, huyu ni nani? Na swali hilo ndilo humfanya aliguse jina.

Akiligusa, je, atakuta nini? Chini ya picha ya mwenzio huna ila duara dogo la sura yako na jina lako, na binti huyu hapo kabla alikuwa na jina la utani lililofuatwa na mwaka wa kuzaliwa, na picha ya ua. Alilibadili jina likataja kofia na Unguja, akaweka picha ya kofia moja iliyopigwa kwa karibu, inayotambulika hata katika udogo ule. Maelezo ya ukurasa, ambayo Instagram huyawekea mpaka wa herufi 150, aliyafanya yajibu mambo matatu tu: anashona nini, yuko wapi, na mtu aagize kwa njia gani. Kisha juu ya ukurasa akabandika picha tatu, na tatu ndiyo idadi aliyoruhusiwa: ya kwanza kofia iliyokamilika pamoja na bei na muda wa kuisubiri, ya pili mkono wake ukizungushia tundu uzi, ya tatu namna ya kupima kichwa, utepe ukipita katikati ya paji la uso na juu kidogo ya masikio, kwa kuwa kofia ya namna hii hainyumbuki, na nusu sentimita yatosha kuifanya ibane au icheze. Mtu aliyevutwa na maneno mazuri akakuta ukurasa usiosema kitu hurudi alikotoka, na hapati kumbukumbu ya kumrejesha tena.

Makosa ya njia hii ninayajua kwa kuyatazama kwa watu wengi. Wako wanaojiunga makundi kwa makundi na kuahidiana kwamba kila mmoja atamwandikia mwenziwe. Huko maneno huwa mengi na wateja hakuna, kwa sababu hadhira ni wao kwa wao. Wako waliokodi mitambo iwaandikie. Mmoja wa mitambo hiyo, Instagress, uliojipatia jina kubwa, ulifungwa mwaka 2017 kwa matakwa ya Instagram, na mwaka 2018 kampuni hiyo ikatangaza kwamba itayaondoa maoni na alama za kupenda zilizotolewa kwa mitambo ya namna hiyo. Lakini adhabu kubwa kuliko zote ni aibu, kwani nimepata kuona chini ya tangazo la msiba neno “imependeza sana” lenye mioyo mitatu. Hata aandikaye kwa kidole chake mwenyewe, akinakili sentensi moja na kuibandika katika kurasa nyingi kwa haraka, aweza kuzuiwa kuandika kwa muda, maana mtandao humdhania kuwa mtambo. Na liko kosa la mtu mwenye elimu: kumsahihisha mwenye ukurasa mbele ya wageni wake. Fundi akikosea kuiita kofia ya cherehani kazi ya mkono, mwenye murua humpelekea habari faraghani.

Mtu atajuaje kama juhudi hizi zinazaa? Ukurasa wa biashara huonyesha ni watu wangapi wameutembelea, ila hauelezi neno gani liliwaleta. Binti alilitatua tatizo hilo kwa njia mbili zisizo na gharama. Kila aliyemwandikia kuagiza aliulizwa, kwa adabu, amemwona wapi. Na kwa majuma kadhaa alitoa maoni katika aina moja tu ya kurasa kwa juma zima, akalinganisha ziara za majuma hayo na maagizo yaliyofuata. Matokeo hayakuwa kama alivyodhani. Kurasa za picha za zamani zilimletea wageni wengi waliopenda kuzungumza juu ya babu zao na wakaondoka. Kurasa za wapiga picha wa harusi zilileta wachache, na wale wachache walikuwa na tarehe ya ndoa mkononi. Aliendelea kuandika katika zote mbili, kwa kuwa zile za kwanza azipenda, lakini alijua ipi ni burudani na ipi ni riziki.

Hata hivyo lilibaki jambo ambalo sikuwa na uhakika nalo, nalo ni haki ya mwenye ukumbi. Wateja wale walikusanywa na fundi wa kanzu kwa miaka ya kazi yake, na yuko mtu atakayesema kwamba kusimama katikati yao, hata kwa maneno ya faida, ni kuvuna shamba la mwingine. Nilimuuliza binti, naye akanionyesha simu yake. Fundi alikuwa amemwandikia siku ileile ya lile jibu, akimuuliza kipimo cha kofia kichukuliwe vipi, kwa sababu watu walikuwa wakimuuliza. Na tangu hapo, kila apimaye kanzu kwake hupimwa na kichwa, vipimo hupelekwa kwa binti, na kofia hurudi kwa fundi ikiwa na sehemu yake ya faida. Maagizo ya msimu huu yamekwisha kujaa mpaka baada ya Idi. Mtu akimuuliza kofia sasa, humtajia mshonaji mwingine wa mtaa wa pili, mbele ya watu, chini ya picha ileile.