Haki ya Mpangaji katika Alivyovipigilia

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jueni, enyi ndugu, ya kwamba magomvi mengi ya maduka huzuka siku ya kurudisha ufunguo. Mwenye nyumba husema: "Kilichopigwa msumari ni cha nyumba." Neno hili lina asili, ila limetiwa mahali pasipo pake.

Asili yake ni mlango wa kuuza. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, amebainisha katika Minhaj kwamba auzaye nyumba huwa ameuza pamoja nayo milango iliyotiwa, na rafu na ngazi zilizopigiliwa. Lakini ndoo na kitanda havimo. Nyumba na rafu zilikuwa mali ya mtu mmoja, basi zikafuatana. Mpangaji hakuuza kitu. Yeye amenunua manufaa ya nyumba kwa muda, na mbao zake ni zake. Msumari hauhamishi mali.

Tuseme mtu amepanga duka miaka miwili, na kwa idhini ya mwenyewe akapigilia rafu nne, akasimamisha kiambaza cha mbao, akaifunga mashine ya kusaga unga juu ya saruji. Muda ukiisha, rafu na mashine ni zake, naye aweza kuving'oa. Lakini mashimo ya ukutani na ya sakafuni ni juu yake kuyaziba, kwa kuwa kung'oa amekuchagua mwenyewe.

Ikiwa hataki kuking'oa kiambaza, wala halikuwekwa sharti la kung'oa, mwenye nyumba hana ruhusa ya kukivunja bure. Ama akiache kwa kodi, ama akivunje na kulipa upungufu: kikiwa na thamani ya shilingi 9,000 kilivyosimama, na mbao zilizovunjwa zikawa za 4,000, atalipa 5,000. Kama sharti liliwekwa, mpangaji ataking'oa pasipo malipo. Na aliyejenga bila ya idhini ataking'oa, hana la kudai, naye atalipa alichoharibu.

Tena jueni kwamba katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imemwachia Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi. Kesi ya upangaji husikizwa penginepo. Huko hufuatwa kanuni iliyotoka Uingereza, nayo hukihesabu kilichothibitishwa katika jengo kuwa cha jengo, isipokuwa vyombo vya biashara, ambavyo mpangaji aweza kuving'oa kabla ya muda wake kwisha. Mwenye mashine akiisha kutoka na kuiacha, huenda ikampotea.

Basi, kabla ya msumari wa kwanza, andikeni mbele ya mashahidi: kitu gani kinatiwa, ni cha nani, nani atakiondoa na nani atasawazisha mahali pake. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika deni katika Suratul Baqara, aya ya 282. Na haki ya mtu iliyomo ukutani mwa mwenziwe yastahili hifadhi kama hiyo.

Wallahu aalam.