Ruthu Hakuwa na Mradi

Ndugu zangu, leo nakabidhi meza, ila kuna neno moja la Kiebrania naondoka nalo bila kulimaliza: hesed. Zaburi ya 136 inalo mara 26, moja kila mstari. Biblia ya 1952 iliandika pale "fadhili", na miaka mingi nimeitetea.

Siku moja, hapahapa Kikuyu, tulisoma rasimu ya Ruthu sura ya 3, Boazi anaposifu fadhili za Ruthu. Tukamwomba mama mmoja atusimulie alichosikia. Akauliza, "Huyo binti alikuwa na mradi gani?" Tulicheka, halafu tukanyamaza. Kwetu mfadhili ni mwenye hela, na mradi ukiisha anaondoka. Ruthu alikuwa mjane na mgeni, anaokota masuke kwenye mashamba ya watu. Alichompa mkwewe ni kutomwacha, ingawa mume alishakufa na ruhusa ya kurudi kwao alipewa.

Tukajaribu "rehema", lakini Naomi hakuwa amemkosea. Tukajaribu "uaminifu". Sasa Zaburi ya 89 inaweka hesed pamoja na emuna; uaminifu ukishautumia, emuna utaipa nini?

Basi tukarudi kwenye "fadhili". Bado linanisumbua, maana msomaji anaweza kumwona Mungu kama mfadhili ambaye siku moja atafunga ofisi. Mama yule tulipomsimulia kisa tangu mwanzo alisema tu, "Kumbe alibaki." Vijana wangu, mkitafuta tena, anzieni hapo.