Waliolipia Amani ya Njia

Mwaka 1238 samaki aina ya heringi walikosa wanunuzi katika bandari ya Yarmouth, mashariki mwa Uingereza, na bei yao ikaanguka. Matthew Paris, mtawa wa St Albans, kaskazini ya London, aliandika sababu yake: wafanyabiashara wa Gotland na Friesland, waliozoea kuja kila mwaka, safari hiyo hawakutoka makwao kwa kuwaogopa Wamongolia. Wavuvi wa Yarmouth hawakuwahi kuwaona wapandafarasi hao, lakini hofu ilifika kabla yao na kuwakatia riziki.

Wamongolia walikuwa wafugaji wa nyika za Asia. Walihamahama na mifugo yao, na kila askari aliondoka na farasi kadhaa ili akimchosha mmoja ampande mwingine. Hata hivyo, farasi peke yao hawajengi dola. Mwaka 1206 Chinggis Khan aliwapanga watu wake katika makundi ya 10, 100, 1,000 na 10,000, na koo nyingi zilizokuwa zikiuana alizitawanya ndani ya makundi hayo, mtu akawa anapigana bega kwa bega na mtoto wa adui wa jana. Sisi tuliolelewa kuulizana kwanza "wewe wa wapi?" tuna la kujifunza hapo. Tukumbuke pia kwamba nguvu hiyo ndiyo iliyoteketeza miji iliyokataa kusalimu amri. Baghdad ilipoanguka mwaka 1258, Khalifa al-Musta'sim aliuawa pamoja na watu wake wengi mno.

Wazee wetu walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Msafiri aliyevuka Asia kwa salama alikuwa akielea juu ya kazi ya wengine. Ogedei, mwana wa Chinggis, alieneza mfumo wa vituo ulioitwa yam. Katika njia kuu, kila baada ya mwendo wa siku moja hivi palikuwa na kituo chenye farasi wapya, chakula na malazi. Mjumbe alionyesha kibao cha ruhusa, akabadilisha farasi, akaendelea. Farasi na chakula hicho havikutoka hazina ya mfalme. Vilitolewa na familia zilizopangiwa kila kituo, na familia hizo hazikuwa na hiari.

Ndipo ubovu ulipoingia. Wana wa wafalme waligawa vibao ovyo, na wafanyabiashara wenye ubia nao wakabebesha bidhaa zao kwa farasi wa umma. Familia za vituoni zikafilisika. Khan Mongke alipotawazwa mwaka 1251 aliagiza vibao vya zamani virudishwe, akawazuia wafanyabiashara kutumia farasi wa vituo. Naona hapa ndipo utawala unapopimika: si kwa urefu wa njia, bali kwa hali ya anayemlisha farasi wa mpita njia.

Njia hizo ziliifikia London yenyewe. Januari 1290 aliingia mjini Buscarello de Ghizolfi, Mjenoa aliyemtumikia Arghun, mtawala wa Kimongolia wa Uajemi. Alileta pendekezo kwa Mfalme Edward wa Kwanza: waishambulie pamoja dola ya Wamamluki wa Misri, na Yerusalemu wakabidhiwe Wakristo. Barua ya aina hiyo aliyopelekewa mfalme wa Ufaransa ipo hadi leo. Imeandikwa kwa Kimongolia, kwa hati ambayo Wamongolia waliipata kwa Wauighuri, ambao nao waliirithi kutoka kwa Wasogdia, wafanyabiashara wa Asia ya Kati walioitohoa katika maandishi ya Kiaramu. Wafugaji waliokuwa hawana maandishi walijua kuokota elimu popote walipoikuta. Edward alijibu kwa adabu bila kuahidi tarehe. Machi 1291 Arghun alifariki, na mwezi Mei Wamamluki wakautwaa mji wa Akka. Mpango ukafa.

Kilichokuja baadaye hakikuomba kibao. Karibu na ziwa Issyk-Kul, katika Kirgizia ya leo, kando ya njia ya misafara, yapo makaburi ya mwaka 1338 na 1339 ambayo baadhi ya mawe yake yanataja tauni kuwa sababu ya kifo. Wakati huo dola ilikwisha kugawanyika, lakini watu na mizigo waliendelea kupita. Mwaka 1348 tauni ilifika London, na waliokufa wakazikwa katika makaburi mapya ya East Smithfield, karibu na Mnara wa London. Uchunguzi wa meno ya watu hao ulithibitisha kijidudu cha tauni, na mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba aina iliyowaua watu wa Issyk-Kul ndiyo iliyotangulia ile iliyoua Ulaya. Kati ya makaburi hayo mawili ipo miaka kumi tu.